Swali Moja, Majibu Manne: Thamani na Rejea katika Lugha za Kompyuta

Katika mitihani ya somo la kompyuta kuna swali la kuchagua jibu ambalo hurudi mara kwa mara kwa sura mbalimbali. Mtahiniwa hupewa programu fupi, huulizwa itaandika nini kwenye skrini, kisha huchagua herufi moja kati ya nne. Sura mojawapo ya swali hilo ni hii:

```
fanksheni badili(a)
    a[0] = 5
    a = [9, 9, 9]
mwisho

x = [1, 1, 1]
badili(x)
andika x[0]
```

Programu hii itaandika nini?

A. 1
B. 5
C. 9
D. Haitaandika chochote, kwa sababu itakataliwa kabla ya kuendeshwa.

Likiachwa hivi lilivyo, swali hili halina jibu moja. Programu hii ikiandikwa kwa PHP huandika 1. Ikiandikwa kwa Python huandika 5. Ikiandikwa kwa Pascal, na neno `var` likitangulia jina la `a`, huandika 9. Ikiandikwa kwa Swift, kompaila hukataa kuitafsiri. Machaguo yote manne ni sahihi, kila moja katika lugha yake. Kinachoyatenganisha ni namna kila lugha inavyoipelekea fanksheni kitu ilichoombwa kukifanyia kazi.

Mistari miwili, mambo mawili

Fanksheni ni kipande cha programu chenye jina, kinachoweza kuitwa wakati wowote kifanye kazi yake. Katika mfano huu jina lake ni `badili`. Jina lililo ndani ya mabano yake, yaani `a`, huitwa paramita: ndilo jina ambalo fanksheni hulitumia kwa kile ilichopelekewa. Nje ya fanksheni kuna `x`, ambacho ni kigeu, yaani jina linaloshikilia thamani inayoweza kubadilishwa. Thamani yake ni orodha ya namba tatu, zote zikiwa 1. Kama ilivyo katika lugha nyingi za kompyuta, nafasi ya kwanza ya orodha huhesabiwa kuwa nafasi ya 0, kwa hiyo `x[0]` ni namba ya kwanza.

Ndani ya fanksheni kuna mistari miwili, na wanafunzi wengi huisoma kana kwamba inafanya jambo lile lile. Mstari wa kwanza, `a[0] = 5`, unaingia ndani ya orodha na kubadilisha namba moja. Orodha yenyewe inabaki ile ile. Mstari wa pili, `a = [9, 9, 9]`, haubadilishi namba moja moja. Unalipa jina `a` thamani mpya nzima.

Basi swali moja la mtihani limebeba maswali mawili. La kwanza: je, badiliko lililofanywa ndani ya orodha linaonekana nje ya fanksheni? La pili: je, jina likipewa thamani mpya ndani, jina la nje nalo linaipata? Lugha inayojibu hapana kwa yote mawili huandika 1. Inayojibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili huandika 5. Inayojibu ndiyo kwa yote mawili huandika 9.

Jibu A: nakala

Utaratibu ulio rahisi kueleweka ni kupeleka kwa thamani. Fanksheni inapoitwa, thamani iliyo ndani ya `x` hunakiliwa, na nakala hiyo ndiyo inayowekwa kwenye `a`. Tangu hapo hakuna uhusiano wowote kati ya majina hayo mawili. Fanksheni inaweza kuandika 5 au 9 au lolote. Inaandika kwenye nakala yake, na kazi ikiisha nakala hutupwa. Nje, `x[0]` inabaki 1.

PHP huzitendea hivyo orodha zake:

```php
<?php
function badili($a) {
    $a[0] = 5;
    $a = [9, 9, 9];
}
$x = [1, 1, 1];
badili($x);
echo $x[0];
```

Programu hii huandika 1. C++ hufanya hivyo pia iwapo paramita imetangazwa kuwa `std::vector<int> a` bila alama nyingine yoyote.

Faida ya utaratibu huu ni usalama: anayeiita fanksheni ana hakika kwamba mali yake haitaguswa. Gharama yake ni kazi ya kunakili. Orodha ya namba milioni moja, kila namba ikichukua baiti 4, ina baiti milioni 4, na C++ huzinakili zote kila fanksheni inapoitwa kwa njia hiyo. PHP imepata njia ya kupunguza gharama hiyo: hainakili orodha wakati wa kuiita fanksheni, bali husubiri hadi mstari wa kwanza utakaojaribu kuibadilisha. Fanksheni inayosoma tu haisababishi nakala yoyote. Kwa mtahiniwa tofauti hiyo haionekani, kwa sababu kinachoandikwa kwenye skrini ni kile kile.

Jibu C: jina la pili la kitu kile kile

Utaratibu wa pili ni kupeleka kwa rejea. Hapa hakuna nakala. Paramita `a` inakuwa jina la pili la kigeu `x` chenyewe, kwa muda wote fanksheni inapofanya kazi. Kila linalofanyiwa `a` limefanyiwa `x`, iwe ni kubadilisha namba moja ndani ya orodha au kuweka orodha mpya kabisa. Ndiyo maana jibu linakuwa 9: mstari wa pili umeiondoa orodha ya zamani, pamoja na ile 5 iliyokuwa imeandikwa, na kuweka nyingine mahali pake.

Katika lugha nyingi utaratibu huu huja pale tu mwandishi wa programu anapouomba waziwazi. Pascal, iliyotolewa na Niklaus Wirth mwaka 1970, hutaka neno `var` mbele ya paramita. C++ hutaka alama ya `&` kwenye aina ya paramita, na PHP huiweka alama hiyo hiyo mbele ya jina:

```php
function badili(&$a) {
```

Programu ya PHP iliyotangulia ikibadilishwa mstari huo mmoja tu, huandika 9 badala ya 1. C# hutumia neno `ref`, na huhitaji liandikwe mara mbili: mahali fanksheni inapoelezwa na mahali inapoitwa. Kwa hiyo anayesoma mstari wa `badili(ref x)` hana haja ya kwenda kuitafuta fanksheni ili ajue kwamba `x` inaweza kurudi ikiwa imebadilika.

Katika lugha za mwanzo haikuwa hivyo. FORTRAN II, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1958, ndiyo iliyowapa watumiaji wa FORTRAN uwezo wa kuandika programu ndogo za kuitwa kwa jina, na kilichopelekwa kwenye programu hizo kilikuwa anwani ya mahali thamani ilipo katika kumbukumbu ya kompyuta. Jambo hilo lilizaa hitilafu iliyokuja kuwa maarufu. Namba kama 2 ikiandikwa moja kwa moja mahali pa kuita, baadhi ya kompaila za zamani ziliitafutia nafasi kwenye kumbukumbu na kupeleka anwani ya nafasi hiyo. Programu ndogo ikiibadilisha paramita yake kuwa 3, ilikuwa imeandika 3 pale pale palipohifadhiwa 2. Kuanzia hapo, kila mahali pengine kwenye programu palipotumia 2 pangeweza kupata 3, na mwandishi angesoma mistari yake mara nyingi bila kuliona kosa, kwa kuwa kwenye karatasi hesabu zote zilikuwa sawa.

Jibu B: linalozua ubishi

Java, Python na JavaScript huandika 5. Mfano wa Python ni huu:

```python
def badili(a):
    a[0] = 5
    a = [9, 9, 9]

x = [1, 1, 1]
badili(x)
print(x[0])
```

Jibu hili haliingii katika utaratibu wa kwanza, kwa sababu badiliko la ndani ya orodha limeonekana nje. Haliingii pia katika wa pili, kwa sababu orodha mpya haikumfikia `x`. Hapa ndipo maswali mengi ya mitihani huharibika, kwa sababu mtunzi hudhani kuna taratibu mbili tu na hulazimisha lugha hizi ziingie katika mmojawapo.

Katika lugha hizi kigeu hakibebi orodha ndani yake. Orodha ina mahali pake katika kumbukumbu, na kigeu hushikilia tu habari ya mahali hapo. Ni kama mtu mwenye kikaratasi kilichoandikwa namba ya nyumba. Fanksheni inapoitwa, kinachonakiliwa ni maandishi ya kikaratasi: sasa viko vikaratasi viwili, na nyumba ni moja. Mwenye kikaratasi cha pili akienda kwenye nyumba hiyo na kupaka rangi mlango, mwenye kikaratasi cha kwanza atakuta mlango una rangi mpya. Lakini akifuta kikaratasi chake na kuandika namba ya nyumba nyingine, kikaratasi cha kwanza hakiguswi. Mstari wa `a[0] = 5` ni kupaka rangi. Mstari wa `a = [9, 9, 9]` ni kufuta na kuandika namba nyingine.

Miaka ya 1970, Barbara Liskov na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, walitengeneza lugha iitwayo CLU na kuupa utaratibu huu jina lake peke yake, ambalo kwa Kiswahili linaweza kuwa kupeleka kwa ushirika: anayeita na anayeitwa wanashirikiana kitu kimoja, ila kila mmoja ana jina lake la kukiitia. Jina hilo halikuenea. Java, iliyotoka mwaka 1995, husema kwamba hupeleka kila kitu kwa thamani, ikimaanisha kuwa thamani inayonakiliwa ni rejea ya kitu, sawa na maandishi ya kikaratasi. Kwa maana hiyo kauli ni sahihi. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kwa thamani maana yake orodha nzima inanakiliwa atachagua 1, na aliyesikia neno rejea likitajwa atachagua 9. Wote wawili watakosa.

Katika Python mtu anaweza kuuona ushirika huu kwa macho. Amri ya `id` hutoa namba inayotambulisha kitu, na vitu viwili vilivyopo kwa wakati mmoja haviwezi kuwa na namba moja. Ukiandika `print(id(x))` nje, kabla ya kuita, na `print(id(a))` kwenye mstari wa kwanza wa fanksheni, namba mbili hutoka sawa. Ukirudia `print(id(a))` baada ya `a = [9, 9, 9]`, namba huwa tofauti. Kitu kilikuwa kimoja hadi mstari ule, kisha majina yakaachana.

Ushirika huu huu ndio unaoeleza jambo linalowachanganya wanafunzi wa Python kuliko mengine. Wakipeleka namba, kwa mfano fanksheni yenye mstari wa `n = n + 1`, wanaona kigeu cha nje hakibadiliki. Wakipeleka orodha na kugusa ndani yake, wanaona inabadilika. Wengi huhitimisha kwamba Python hupeleka namba kwa thamani na orodha kwa rejea, na kanuni hiyo ya uongo hupatikana hata katika maelezo ya majibu ya mitihani. Ukweli ni kwamba utaratibu ni mmoja. Namba katika Python haina sehemu ya ndani inayoweza kubadilishwa, kwa hiyo kila jaribio la kuibadilisha huishia kulipa jina thamani mpya, na jina jipya la ndani halimhusu wa nje.

Mtego mkubwa zaidi uko katika mistari miwili inayofanana: `a = a + [4]` na `a += [4]`. Wa kwanza hutengeneza orodha mpya na kulipa jina `a`. Nje hakuna kinachoonekana. Wa pili, `a` ikiwa orodha, huongeza 4 ndani ya orodha ile ile. Nje inaonekana ikiwa na namba nne. Mtunzi wa swali akiandika mmoja huku akidhani ni sawa na mwingine, karatasi yake ya majibu itakuwa na kosa, na atakayelipa ni mwanafunzi aliyesoma vizuri.

C na Go: alama zile zile, jibu tofauti

Lugha ya C, aliyoianzisha Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina utaratibu mmoja tu: kupeleka kwa thamani. Anayetaka fanksheni ibadilishe kigeu chake hupeleka anwani ya kigeu hicho kwa alama ya `&`, na fanksheni huifuata anwani hiyo kwa alama ya `*`. Hata hapo kilichopelekwa ni nakala, nakala ya anwani.

Kinachokwaza katika C ni orodha. Paramita ikitangazwa hivi:

```c
void badili(int a[3])
```

msomaji hudhani orodha ya namba tatu itanakiliwa. Sivyo. Katika nafasi ya paramita, C huichukua `int a[3]` kuwa sawa na `int *a`, yaani kielekezi: anwani ya namba ya kwanza. Ile 3 haina nguvu yoyote. Kwa hiyo `a[0] = 5` huandika kwenye orodha ya nje, wakati kuielekeza `a` kwenye orodha nyingine hakumgusi `x`, na jibu huwa 5.

Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, huichukulia ile 3 kwa uzito wote:

```go
func badili(a [3]int)
func badili(a []int)
```

Ya kwanza hupokea orodha ya namba tatu kamili, na Go huinakili yote. Mfano wetu huandika 1. Ya pili hupokea kipande kinachoelekeza kwenye orodha iliyo kwingine, na mfano huandika 5. Tarakimu moja ndani ya mabano hubadilisha jibu la mtihani, ilhali katika C tarakimu hiyo hiyo haibadilishi chochote.

Jibu la D linatoka kwa Swift, lugha ya kampuni ya Apple iliyotoka mwaka 2014. Paramita katika Swift haibadiliki: kompaila ikikuta `a[0] = 5` hukataa programu nzima. Mwandishi anayetaka kubadilisha lazima aandike `inout` kwenye paramita na `&x` mahali pa kuita, na hapo jibu huwa 9.

Toleo la lugha nalo lina neno

Kutaja lugha peke yake hakutoshi nyakati zote. Visual Basic 6, ya mwaka 1998, ilipeleka paramita kwa rejea ikiwa mwandishi hakusema lolote. Microsoft walipotoa Visual Basic .NET mwaka 2002 waligeuza kanuni: asiposema lolote, hupelekwa kwa thamani. Fanksheni yenye paramita moja ya namba tupu, isiyo na neno `ByRef` wala `ByVal`, hutoa majibu mawili tofauti kwenye matoleo hayo mawili. Swali lililotungwa kwa toleo la zamani na kunakiliwa kwenye mtihani wa leo linaweza kuwa na jibu lililogeuka bila herufi moja ya programu kubadilika.

PHP ilipitia jambo kama hilo. Hadi PHP 4, kitu chenye sifa na matendo yake kilinakiliwa chote kilipopelekwa kwenye fanksheni. PHP 5, ya mwaka 2004, iliviweka vitu vya namna hiyo katika utaratibu wa ushirika, lakini ikaziacha orodha katika utaratibu wa nakala. Kwa hiyo katika PHP ya sasa orodha huandika 1, wakati kitu chenye sifa, kikibadilishwa sifa moja kisha jina likapewa kitu kipya, huleta jibu la 5.

Rejea isiyo rejea

Kuna utaratibu mmoja zaidi ambao swali la mwanzo haliwezi kuutambua kabisa. Thamani hunakiliwa kuingia ndani, fanksheni hufanya kazi kwenye nakala, na mwishoni nakala hurudishwa kwenye kigeu cha nje. Lugha ya Ada huutumia kwa namba za kawaida zilizotangazwa `in out`. Katika mfano wa orodha, nakala inayorudishwa ni `[9, 9, 9]`, kwa hiyo jibu ni 9, sawasawa na kupeleka kwa rejea.

Tofauti huonekana pale tu kigeu cha nje kinapotazamwa kabla fanksheni haijaisha:

```
k = 10

fanksheni jaribu(p)
    p = p + 1
    andika k
mwisho

jaribu(k)
andika k
```

Kwa rejea, `p` ndiyo `k`, kwa hiyo mstari wa ndani huandika 11 na wa nje huandika 11. Kwa nakala inayorudishwa, mstari wa ndani huandika 10, kwa kuwa nakala bado haijarudi, na wa nje huandika 11. Kwa thamani, vyote viwili huandika 10. Mtunzi anayetaka kupima utaratibu huu lazima afanye hivyo: akiuliza kuhusu matokeo ya mwisho tu, amewapa watahiniwa njia mbili zisizotofautishika.

Swali likitungwa vizuri

Swali baya zaidi la mada hii ni lile lisilo na programu, linalouliza tu lugha ipi hupeleka kwa rejea kati ya C, Java, C++ na Python. Jibu linaloweza kutetewa ni C++, kwa sababu ya alama yake ya `&`, na hata hapo ni pale mwandishi anapoiomba. Hata hivyo si ajabu kukuta karatasi ya majibu ikiitaja Java kuwa jibu sahihi. Kipimo cha kuitambua lugha inayopeleka kwa rejea kweli ni kujaribu kuandika fanksheni inayobadilishana thamani za vigeu viwili, ili baada ya kuita `badilishana(x, y)` kilichokuwa ndani ya `x` kiwe ndani ya `y` na kinyume chake. C++ inaweza kwa `&`, Pascal kwa `var`, C# kwa `ref`. Java na Python haziwezi, kwa sababu kubadilishana ni kuyapa majina thamani mpya, na majina ya ndani si ya nje.

Swali la mwanzo hurekebishwa kwa mambo matatu. Kwanza, programu iandikwe kwa lugha halisi, si lugha ya kubuni, na toleo litajwe pale linapoleta tofauti. Pili, paramita itangazwe kikamilifu, pamoja na alama zake zote, kwa kuwa jibu limo humo. Tatu, mistari yote miwili ya fanksheni ibaki. Ukiondolewa mstari wa pili, jibu la Python na jibu la Pascal yenye `var` huwa yote 5, na swali halipimi tena tofauti ya ushirika na rejea. Ukiondolewa wa kwanza, jibu la Python huwa 1 sawa na la PHP, na ushirika haupambanuki na nakala.

Likitungwa hivyo, kila chaguo lisilo sahihi humweleza mwalimu jambo mahususi. Kwenye swali la Java au Python, aliyechagua 1 anaamini orodha nzima imenakiliwa, na anahitaji kuonyeshwa kwamba badiliko la ndani linaonekana nje. Aliyechagua 9 anaamini majina mawili yamekuwa jina moja, na anahitaji jaribio la kubadilishana ashuhudie likishindwa. Aliyechagua kwamba programu itakataliwa huenda anachanganya Java au Python na lugha yenye kanuni kali zaidi. Kabla karatasi haijachapwa, mtunzi aiendeshe programu kwenye kompyuta yenye toleo lile lile alilolitaja, kisha anakili jibu kutoka kwenye skrini, asilitoe kichwani.